Ngiri ya kinena iliyonyongwa: namna ya kuitambua mapema, na kwa nini upasuaji wa haraka huokoa utumbo

Mtu anaweza kuishi na ngiri ya kinena miaka 10 bila shida kubwa. Uvimbe hutokea akisimama au akikohoa, hurudi ndani akilala, naye huzoea kuusukuma kwa kiganja kila jioni. Mazoea hayo ndiyo yanayomponza. Siku uvimbe unapogoma kurudi, huona ni ugomvi wa kawaida na kulala akitumaini utalainika usiku. Mwongozo huu unahusu siku hiyo: kinachotendeka ndani ya kinena saa kwa saa, dalili za kuangalia, la kufanya na la kutofanya nyumbani, na anachofanya daktari wa upasuaji.

Utumbo hunyongwaje

Kinena kina njia fupi inayopita katika ukuta wa tumbo, yenye urefu wa sentimita 4 hivi kwa mtu mzima. Kwa mwanamume, kamba inayobeba mishipa ya damu ya korodani na mrija wa mbegu hupita humo. Njia hiyo ina tundu la ndani, upande wa tumboni, na tundu la nje karibu na mfupa wa kinena. Tundu la ndani likibaki wazi tangu kuzaliwa, au ukuta ukilegea baadaye, utando wa ndani ya tumbo hutumbukia na kuwa kifuko. Ndani ya kifuko hicho huingia mafuta ya tumboni au kitanzi cha utumbo mwembamba. Ngiri inayopitia tundu la ndani ndiyo inayonyongwa zaidi ya ile inayotokeza moja kwa moja kwenye ukuta uliolegea, kwa kuwa shingo ya kifuko chake ni nyembamba na kingo zake ni ngumu.

Sasa fikiria kitanzi cha utumbo kimepenya kwa nguvu, labda mtu alipoinua mzigo au kukamua choo kigumu, kisha shingo ikakibana. Kinachozibwa kwanza ni vena, si ateri. Vena zina kuta laini na damu yake husukumwa kwa nguvu ndogo, hivyo hata mbano wa wastani huzifunga. Ateri ina ukuta mnene na msukumo mkubwa, kwa hiyo huendelea kuingiza damu. Damu inaingia na haipati pa kutokea. Utumbo huvimba, huwa mwekundu iliyoiva, kisha zambarau. Maji huvuja kutoka kwenye kuta zake na kujaa kifukoni, na hewa na majimaji yaliyonaswa ndani ya kitanzi huzidi kukitanua. Kila milimita ya uvimbe hukaza shingo zaidi, na mbano ukikaza, uvimbe huongezeka. Mzunguko huu haujiachii wenyewe.

Mwishowe uvimbe hushinda hata ateri. Hapo utumbo haupati oksijeni kabisa, na utando wake wa ndani, ule unaonyonya chakula, hufa kabla ya tabaka za nje. Hilo ni la kukumbukwa, maana bakteria huanza kupenya kwenda kwenye maji ya kifukoni na kwenye damu wakati utumbo kwa nje bado unaonekana haujatoboka. Baadaye rangi hugeuka kuwa nyeusi au kijani iliyochuja, ukuta hulainika kama karatasi iliyolowa, kisha hutoboka, mara nyingi palepale palipobanwa na shingo.

Haya yote huchukua muda gani? Inategemea ukali wa mbano. Ukiwa mkali, utumbo unaweza kufikia hatua isiyorudi nyuma ndani ya saa 6 hivi. Ukiwa hafifu, unaweza kustahimili zaidi. Kwa nje hakuna anayeweza kupima mbano huo, ndiyo maana hesabu ya saa huanzia pale uvimbe ulipogoma kurudi, haingoji maumivu yawe makali.

Iliyokwama na iliyonyongwa

Ngiri iliyokwama ni ile isiyorudi ndani, lakini damu bado inapita. Inaweza kuwa imekwama kwa miaka kwa sababu mafuta ya tumboni yameshikana na kifuko. Huyo hana dharura leo, ingawa anahitaji kupangiwa upasuaji. Iliyonyongwa ni ile ambayo damu imezuiwa. Kati ya hizo mbili hakuna ukuta: iliyokwama ghafla leo mchana inaweza kuwa imenyongwa jioni. Kwa hiyo kanuni ya kazi ni hii: ngiri iliyokuwa ikirudi, ikagoma ghafla na kuanza kuuma, hesabu kwamba imenyongwa mpaka daktari athibitishe vinginevyo.

Namna ya kuitambua

Anza na uvimbe wenyewe. Mgonjwa alale chali, nguo zishushwe, kinena na korodani zionekane kwa mwanga wa kutosha. Mzee mwenye haya hushika tumbo na kusema "tumbo linauma", na asipovuliwa, chanzo hakionekani. Kila mtu mwenye tumbo lililojaa na matapishi lazima akaguliwe vinena vyote viwili.

Ngiri iliyonyongwa huwa ngumu na iliyokazika, tofauti na ulaini wa siku zote. Ukiigusa taratibu, mgonjwa hushtuka. Mara nyingi imekuwa kubwa kuliko kawaida yake. Mwambie akohoe huku vidole vyako vimetulia juu yake: ngiri ya kawaida husukuma vidole kwa mshtuko mdogo, iliyonyongwa haisogei, kwa sababu shingo imezibwa na msukumo wa tumbo haufiki kifukoni.

Kisha sikiliza maumivu. Mwanzoni huja kwa mawimbi karibu na kitovu na kuachia, maana utumbo unajikamua kupita palipozibwa. Maumivu ya mawimbi yakigeuka kuwa ya kudumu, yasiyoachia na yaliyokaa kwenye uvimbe, ni ishara kwamba damu imekatika. Kutapika hufuata: kwanza chakula, kisha nyongo ya kijani, na mwisho majimaji ya kahawia yenye harufu ya choo. Tumbo hujaa, choo hukatika na hata upepo hautoki. Mapigo ya moyo hupanda juu ya 100 kwa dakika, na joto linaweza kupanda pia.

Kuna mitego mitatu inayowapoteza hata wahudumu wenye uzoefu, na inafaa kuitazama kwa utulivu.

Wa kwanza ni ngozi. Watu husubiri uvimbe uwe mwekundu na wa moto ndipo waamini kuna hatari. Wekundu wa ngozi huja baada ya utumbo ulio chini yake kuanza kufa. Ngozi yenye rangi ya kawaida haimaanishi chochote kizuri. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi wekundu huo ni mgumu zaidi kuuona, hivyo tegemea joto, ung'avu wa ngozi iliyokazika na uvimbe unaobonyea.

Wa pili ni nafuu ya ghafla. Mgonjwa aliyekuwa akigaagaa anasema sasa ni afadhali. Ikiwa uvimbe umerudi ndani, huenda ni kweli, ingawa bado anahitaji kuangaliwa. Ikiwa uvimbe upo palepale, shaka kwamba utumbo umekufa au umetoboka, na kwamba nafuu hiyo itafuatiwa na maumivu ya tumbo zima.

Wa tatu ni choo kinachoendelea kutoka. Wakati mwingine shingo hubana upande mmoja tu wa ukuta wa utumbo, si mduara wote. Chakula kinaendelea kupita, mgonjwa hatapiki na anakwenda haja, lakini kipande kilichobanwa kinaoza. Uvimbe wake unaweza kuwa mdogo tu. Kwa hiyo "lakini alipata choo asubuhi" si sababu ya kumrudisha nyumbani.

Vipo vinavyofanana nayo. Busha halina maumivu makali ya namna hii, vidole vinaweza kukutana juu yake, na mwanga wa tochi hupenya. Korodani iliyojisokota huuma ghafla na huwa imepanda juu, nayo ni dharura ya saa zilezile, kwa hiyo kutokuwa na uhakika kati ya hizi mbili hakupunguzi haraka. Kwa wanawake, hasa wenye umri mkubwa, chunguza kama uvimbe uko chini ya mstari wa mkunjo wa kinena, pembeni mwa mfupa. Hiyo huenda ni ngiri ya paja, ambayo hunyongwa kwa wepesi zaidi ya ngiri ya kinena.

La kufanya nyumbani

Andika saa uvimbe ulipogoma. Hilo ndilo swali la kwanza la daktari, na jibu sahihi lina uzito kuliko vipimo vingi. Mgonjwa asile wala kunywa chochote, hata chai, kwa kuwa atapewa nusukaputi na tumbo lililojaa humletea hatari ya matapishi kuingia mapafuni. Alale chali magoti yamekunjwa, na safari ya kwenda hospitali yenye chumba cha upasuaji ianze mara moja. Zahanati isiyopasua si mwisho wa safari, ni mahali pa kupata dripu na rufaa.

Usisukume uvimbe kwa nguvu. Hatari mbili zipo: kuchana utumbo uliokwisha lainika, au kuurudisha tumboni ukiwa umekufa, ambako utamwaga uchafu mahali asipouona mtu. Ipo pia hali ambayo kifuko kizima husukumwa ndani pamoja na shingo inayobana. Nje uvimbe umetoweka, watu wanafurahi, kumbe ndani utumbo bado umekabwa.

Usitumie dawa ya kuharisha wala bomba la maji la kuingizwa njia ya haja kubwa. Vinaulazimisha utumbo kukamua dhidi ya kizuizi. Usikande kwa maji ya moto: joto halilegezi shingo ya ngiri, ambayo ni nyuzi ngumu, na huficha wekundu wa ngozi. Hakuna dawa ya kunywa, ya hospitali au ya mitishamba, inayoweza kufungua mbano huo.

Hospitalini kabla ya kisu

Kazi ya saa ya kwanza ni kumtengeneza mgonjwa astahimili upasuaji, huku chumba kikiandaliwa sambamba. Anawekewa njia mbili pana za mshipa na dripu ya Ringa au chumvi, kwa sababu lita kadhaa za maji zinaweza kuwa zimepotelea kwenye utumbo uliojaa na matapishi. Mpira wa mkojo hupimia mafanikio: lengo ni angalau nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa, yaani mililita 35 kwa mtu wa kilo 70. Mpira wa puani hushushwa tumboni kutoa majimaji. Damu hupimwa kundi, chumvichumvi, figo na wingi wa damu. Antibiotiki huanza mapema, kwa mfano seftriaksoni gramu 2 pamoja na metronidazoli miligramu 500, na dawa ya maumivu hupewa bila kusita. Zamani iliaminika kwamba kutuliza maumivu kunaficha ugonjwa. Hakufichi kitu ambacho mkono unaweza kukigusa.

Picha hazitakiwi pale uvimbe unapojieleza wenyewe. Altrasaundi au sitii skani husaidia kwa mtu mnene au pale kuna shaka ya kweli. Laktati, asidi inayotoka kwenye tishu zinazokosa oksijeni, ikipanda katika damu huongeza shaka, lakini ikiwa ya kawaida haimtoi mgonjwa hatarini, kwa kuwa damu ya kitanzi kilichofungwa hairudi mwilini kuonyesha uchafu wake.

Je, daktari anaweza kujaribu kuirudisha? Ndiyo, kwa masharti: imekwama kwa muda mfupi, hakuna homa, hakuna mabadiliko ya ngozi, mapigo yametulia, na tumbo si gumu. Mgonjwa hupewa dawa kali ya maumivu, upande wa miguu wa kitanda huinuliwa, mkono mmoja huishika ngiri penye shingo isitanuke pembeni huku mwingine ukikamua taratibu kutoka chini. Ikikataa baada ya jaribio moja au mawili ya upole, basi. Ikirudi, mgonjwa hulazwa na kuangaliwa, na ngiri hurekebishwa kabla hajaenda zake. Kwa mtoto mchanga njia hii hufaulu mara nyingi, na upasuaji hufanywa siku moja au mbili baadaye uvimbe wa tishu ukishapungua. Kwa mtoto wa kiume korodani nayo iko hatarini, kwani mishipa yake inabanwa katika njia ileile.

Kwenye meza ya upasuaji

Mkato hupita juu kidogo ya mkunjo wa kinena, sambamba nao. Ukuta wa mbele wa njia hufunguliwa, kifuko kikaonekana kimekazika, cha rangi ya samawati. Hapa kuna hatua moja ambayo kila kitu kinaitegemea: kifuko hufunguliwa na utumbo hushikwa kabla shingo haijakatwa. Mpasuaji akikata shingo kwanza, utumbo huteleza kurudi tumboni bila kuonekana, na hajui amerudisha kilicho hai au kilichokufa. Ukiteleza, lazima utafutwe, kwa kamera kupitia kifuko au kwa kufungua tumbo.

Maji ya kifukoni husimulia mapema. Ya njano angavu hutia moyo, yenye damu huonya, ya kahawia yenye harufu maana yake utumbo umeoza. Shingo ikishakatwa, kwa kuepuka mishipa ya damu iliyo upande wake wa ndani, utumbo huvutwa zaidi mpaka mistari yote miwili ya mbano ionekane. Kitanzi kizima hufunikwa kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, mgonjwa hupewa oksijeni zaidi, na watu wote husubiri dakika 10. Kusubiri huku ni kugumu chumbani, lakini kumeokoa sentimita nyingi za utumbo zilizoonekana kama zimekwisha.

Kisha kitambaa huondolewa. Utumbo ulio hai umegeuka waridi, una mng'ao, hujikunyata ukichokozwa kwa kidole, na mishipa ya utando unaoubeba inapigapiga. Uliokufa umebaki mweusi au wa kijivu, umefifia, umelegea, hauna mpigo. Huo hukatwa mpaka kwenye sehemu zinazotoa damu nzuri pande zote mbili, na ncha huunganishwa.

Mwisho ukuta hufungwa. Kama utumbo haukutoboka, wavu wa kuimarisha ukuta unaweza kuwekwa hata katika dharura. Kukiwa na usaha au kinyesi, wengi huepuka wavu wa plastiki na kushona kwa nyuzi, wakikubali kwamba uwezekano wa ngiri kurudi ni mkubwa zaidi.

Saa 6 na saa 18: mgonjwa mmoja, njia mbili

Chukua mwanamume wa miaka 58, kilo 70, mwenye ngiri ya kulia ya miaka 8. Saa 8 mchana anainua gunia, uvimbe unatoka na kugoma. Saa 10 maumivu yanakuja kwa mawimbi. Saa 11 jioni anatapika chakula. Saa 12 anafika hospitali: mapigo 104, joto 37.2, uvimbe mgumu, akikohoa hausukumi, ngozi ya kawaida. Anapewa lita moja na nusu za dripu, mkojo unafikia mililita 40 kwa saa, na saa 2 usiku anapasuliwa. Kifukoni kuna maji ya waridi yasiyo na harufu na sentimita 15 za utumbo wa zambarau iliyokolea. Baada ya dakika 10 rangi inarejea yote, isipokuwa mstari mmoja mweupe pale palipobanwa, ambao unashonewa kwa nyuzi chache kufukia udhaifu. Utumbo unarudishwa, wavu unawekwa. Siku ya tatu anakula na kwenda nyumbani.

Sasa mpe kidonge cha maumivu saa 11 jioni na kumlaza. Usiku maumivu yanakuwa ya kudumu, alfajiri anasema yamepungua. Saa 2 asubuhi, saa 18 tangu mwanzo, anafika: mapigo 126, shinikizo la damu 88 kwa 50, joto 38.6, ngozi ya kinena ina joto na inang'aa, tumbo limejaa, mkojo ni matone. Upasuaji hauwezi kuanza bila kumtengeneza kwanza, na kila dakika ya kumtengeneza inapotea kwa utumbo. Maji ya kifukoni ni kahawia. Kitanzi ni cheusi na kimetoboka kwenye mstari wa mbano. Zinakatwa sentimita 30, tumbo linasafishwa, wavu hauwekwi, na mgonjwa anapelekwa chumba cha wagonjwa mahututi. Sasa hatari yake ni sumu ya bakteria kwenye damu, figo kushindwa, na kiungo cha utumbo, yaani pale ncha zilipounganishwa, kuachia.

Mbano ulikuwa uleule, na ungekatwa kwa mkasi uleule.

Baada ya upasuaji

Aliyekatwa utumbo aangaliwe kwa makini zaidi kati ya siku ya 5 na ya 7, ambapo kiungo kikivuja huonekana: homa, mapigo ya haraka, tumbo gumu. Kwa mwanamume, korodani iliyovimba na kuuma siku za kwanza ikaguliwe pia. Mizigo mizito iachwe kwa wiki 4 hadi 6, lakini kutembea kuanze siku inayofuata.

Na kuna jambo lisilosemwa sana mgonjwa anaporuhusiwa. Utumbo ulionusurika unaweza kuwa umeumia kwa ndani, ukapona kwa kovu linaloubana. Wiki kadhaa baadaye, kovu la mshono limekauka na mtu amesahau, anaanza kujaa tumbo baada ya kula, kusokotwa na kutapika. Arudi hospitali na aeleze kwamba alipasuliwa ngiri iliyonyongwa na utumbo ukarudishwa bila kukatwa. Sentensi hiyo moja humwonyesha daktari pa kutazama.